Kizidishi cha bei

Fundi makubadhi akikwambia anapata faida ya asilimia 50, mwulize kwanza: asilimia 50 ya nini? Tuseme jozi imemgharimu shilingi 10,000: ngozi na soli 6,000, gundi, uzi na shanga 1,000, ujira 3,000. Akiiuza 15,000 ameongeza nusu ya gharama, ni kweli. Lakini katika ile 15,000 iliyoingia mkononi, iliyobaki ni 5,000 tu, yaani theluthi. Inayopimwa kwa gharama tuiite nyongeza. Inayopimwa kwa mauzo ni faida ghafi. Namba ya kuzidisha gharama ili kupata bei, hapa 1.5, ndiyo kizidishi cha bei.

Kwa bidhaa za mikono, kizidishi kilichozoeleka ni 2, na hutumika mara mbili. Fundi huzidisha 10,000 kwa 2, akapata bei ya jumla ya 20,000. Mwenye duka la zawadi pale Mji Mkongwe naye huzidisha kwa 2, na mtalii hukuta 40,000.

Mafundi wengi hapo huguna: mwenzangu hata sindano hakushika, anapataje 20,000 nzima? Anapata, ila humo mna kodi ya duka, mshahara wa muuzaji, jozi za namba 45 zitakazokaa mwaka mzima, na mtalii atakayeomba apunguziwe. Akimpunguzia asilimia 30, jozi inatoka kwa 28,000 na faida ghafi inabaki 8,000. Duka la Mangi linaweza kuuza sukari kwa kizidishi kinachopita 1 kidogo tu, kwa kuwa mfuko unaisha haraka na hela inarudi kununua mwingine. Makubadhi hayana mwendo huo.

Mali kauli ina hesabu yake. Hapo duka halijalipa kitu. Jozi zikikaa, hela iliyolala ni ya fundi. Si haki basi duka lichukue nusu. Likichukua asilimia 30 ya 40,000, yaani 12,000, fundi anabaki na 28,000, nami naona huo ni mgawo wa kuridhisha, mradi siku ya kulipana iandikwe.

Kosa baya zaidi hutokea fundi anapofungua kibanda chake. Anaona gharama ni 10,000, anauza 25,000, anafurahi. Mwenye duka aliyenunua kwa 20,000 akipita akaiona bei hiyo, oda inayofuata haiji. Kibandani bei iwe ile ile 40,000. Ziada inayopatikana ni malipo ya kukaa pale kutwa na ushuru wa meza.

Na kama mtalii hafiki 40,000, anaishia 30,000? Rudi nyuma: gawanya kwa 2, bei ya jumla ni 15,000, kizidishi cha fundi ni 1.5. Ile 5,000 inayobaki ikishindwa kubeba nauli, umeme na jozi zilizoharibika, mtindo huo usiupeleke dukani. Uza mwenyewe, au tafuta pa kupunguza kwenye ngozi.