Kwa nini kompyuta ya mezani hupata waifai dhaifu ilhali simu iliyo kando yake hupata vizuri?

Kompyuta ya mezani inapokatikakatika mtandaoni, lawama za kwanza humwangukia mtoa huduma, kisha ruta. Wapo wanaonunua ruta mpya au kulipia kifurushi kikubwa zaidi bila kuona mabadiliko. Mara nyingi chanzo kiko nyuma ya kasha la kompyuta: antena haikufungwa, au imefungwa mahali ambapo mawimbi hayaifikii.

Kadi ya waifai ya kompyuta ya mezani hutofautiana na ya simu au ya kompyuta mpakato, ambazo antena zake huunganishwa kiwandani. Kwenye kompyuta ya mezani, antena kwa kawaida huja katika kifuko cha pembeni, na mnunuzi au fundi ndiye anayepaswa kuzifunga. Kwa kompyuta iliyotumika, kifuko hicho huwa kimepotea zamani. Kinachobaki nyuma ya kasha ni vishina viwili vyenye rangi ya dhahabu, vyenye nyuzi za skrubu na pini ndogo katikati.

Jambo linalowapotosha wengi ni kwamba kadi isiyo na antena haizimiki. Vishina hivyo hunasa mawimbi kidogo, hivyo jina la mtandao huonekana na hata kuunganishwa hukubali. Lakini wimbi la gigahezi 2.4 lina urefu wa sentimita 12 na nusu hivi, na kishina cha milimita chache hakiwezi kulipokea ipasavyo. Sehemu kubwa ya nguvu inayotumwa na kadi nayo hurudi ndani badala ya kwenda hewani.

Chukulia ofisi ndogo ambayo ruta yake iko mita sita kutoka kwenye kompyuta, katika chumba cha pili. Simu inayowekwa juu ya kasha inaonyesha mawimbi kamili, ilhali kompyuta inaonyesha mstari mmoja. Tofauti hiyo pekee inatosha kuiondoa ruta katika orodha ya washukiwa. Ili kupata kipimo, kwenye Windows hufunguliwa dirisha la amri na kuandikwa:

```
netsh wlan show interfaces
```

Mstari wenye neno Signal hutoa asilimia. Tuseme unaonyesha 28%. Antena zote mbili zikifungwa na amri ikarudiwa, kompyuta ikiwa palepale, kipimo kikapanda hadi 80% au zaidi, chanzo kimepatikana. Kikibaki vilevile, tatizo liko kwingine. Na kama kilikuwa juu tangu mwanzo lakini kurasa zinafunguka polepole, antena haina hatia.

Dalili nyingine ni kipanya au vipokea sauti vya bluututhi kukwamakwama hata vikiwa karibu, kwa kuwa kadi nyingi hutumia antena hizohizo kwa kazi zote mbili.

Antena hufungwa kwa vidole, si kwa koleo, kwani kishina kikizungushwa kwa nguvu huweza kukata waya wa ndani. Kabla ya kufunga, ni vyema kutazama katikati: kishina cha kadi kina pini, hivyo antena inapaswa kuwa na tundu. Zipo antena zenye nyuzi zinazolingana lakini nazo zina pini. Hizo huingia kidogo, pini zikagongana, na zikilazimishwa huharibu kishina.

Hata antena iliyofungwa sawasawa huweza kubanwa kati ya kasha la chuma na ukuta. Chuma huzuia mawimbi, hivyo ruta iliyo upande wa mbele wa kasha huwa kama iko kivulini. Kulisogeza kasha kutoka ukutani au kuligeuza kidogo husaidia. Suluhisho bora zaidi ni antena yenye kitako cha sumaku na waya wa takriban mita moja, inayowekwa juu ya meza. Waya mrefu zaidi haupendekezwi, kwa sababu waya mwembamba hupoteza nguvu njiani. Antena ya fimbo isimamishwe wima: hutoa mawimbi kwa ubavu, wala si kwa ncha, kinyume na wengi wanavyodhani wanapoielekeza kwenye ruta kama bunduki.

Kompyuta ndogo za ofisini huficha antena ndani, chini ya kipande cha plastiki. Hapo shida huanza baada ya kusafishwa au kubadilishwa diski, pale nyaya mbili nyembamba zinapochomoka kwenye kadi. Umeme ukiwa umezimwa na waya wake kuchomolewa, vichwa vya nyaya hizo hupangwa juu ya vitundu vyake na kubonyezwa wima hadi vilie "tik". Vichwa vya aina hiyo huhimili kuchomekwa takriban mara 30 tu, hivyo kuvichomoa kila mara kwa majaribio huvilegeza, na mawimbi dhaifu yakarudi upya.