Kukesha na Daftari: Kwa Nini Somo la Usiku Kucha Halikai Kichwani

Msimu wa mitihani ukifika, taa huwaka hadi usiku wa manane katika nyumba nyingi. Mwanafunzi wa kidato cha nne yuko na daftari lake la baiolojia, miguu ameitia kwenye beseni la maji baridi asisinzie, na mzazi anafurahi kuona mtoto anajituma. Asubuhi kwenye chumba cha mtihani, swali analolifahamu linamtazama na jibu halitoki. Katika makala haya tunaeleza jambo linalotokea ndani ya ubongo usiku huo, ili wewe mwanafunzi au mzazi ujue saa ya kufunga daftari.

Tuanze na mahali somo linapofikia. Ndani kabisa ya ubongo, usawa wa masikio, kuna sehemu ndogo mbili zilizojikunja, moja kila upande. Wataalamu huziita hipokampasi. Kila jambo jipya unalolisoma au kuliona mchana huanzia hapo. Umuhimu wake ulijulikana kupitia Mmarekani Henry Molaison, aliyefanyiwa upasuaji mwaka 1953 kutibu kifafa. Madaktari walimtoa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku hiyo hakuweza kuweka kumbukumbu mpya. Mtu aliyezungumza naye asubuhi alimwona mgeni dakika chache baadaye. Hata hivyo, mengi ya utotoni aliendelea kuyakumbuka.

Kisa hicho kinaonyesha kwamba hipokampasi ni kama uwanja wa kuanikia mahindi, si ghala. Mavuno yanafikia hapo kwanza, kisha yanahamishiwa ghalani, yaani kwenye tabaka la nje la ubongo, yakae muda mrefu. Kazi kubwa ya kuhamisha hufanyika tukiwa tumelala.

Usingizi wa usiku hauko sawa mwanzo hadi mwisho. Unakwenda kwa mizunguko ya dakika 90 hivi. Tuchukue mwanafunzi anayelala saa tatu usiku na kuamka saa kumi na moja alfajiri. Amelala saa nane, na amepitia mizunguko kama mitano.

Katika mizunguko ya mwanzo, hadi kama saa saba usiku, anapata sehemu kubwa ya usingizi mzito. Huu ndio ule ambao ukimwita mtoto haitiki, na ukimwamsha anakaa kitandani akikutazama bila kuelewa. Wakati huo ubongo unatoa mawimbi makubwa ya polepole, na hipokampasi inarudia mambo ya mchana na kuyapeleka ghalani. Mwaka 1994 watafiti wa Arizona, Marekani, walilionyesha hili kwa panya. Walipima seli za ubongo zilizofanya kazi panya akitembea sehemu fulani. Panya alipolala, seli zilizofanya kazi pamoja njiani zilifanya kazi pamoja tena, kana kwamba anaipita njia ile upya.

Kuanzia kama saa nane usiku, usingizi mzito unapungua na usingizi wa ndoto unachukua nafasi kubwa. Ukimwangalia aliyelala wakati huo, utaona macho yanacheza chini ya kope huku misuli ya mwili imelegea kabisa. Usingizi huu unahusishwa zaidi na kuunganisha mambo mapya na ya zamani, na kutuliza kumbukumbu zilizobeba hofu au huzuni. Kwa kukariri mambo kama sehemu za moyo au hatua za usanisinuru, ushahidi wa kisayansi una nguvu zaidi upande wa usingizi mzito. Lakini mwanafunzi anazihitaji sehemu zote mbili, maana mtihani huuliza pia maswali ya kuunganisha mada.

Sasa tumwangalie aliyekesha hadi saa kumi usiku na kuamshwa saa kumi na mbili asubuhi. Hasara yake ya kwanza ilianza akiwa bado anasoma. Hipokampasi iliyofanya kazi tangu alfajiri bila kupumzika inapokea mambo mapya kwa shida. Macho yanapita kwenye mistari, lakini kinachoingia ni kidogo. Tatizo ni kwamba yeye mwenyewe hajui. Ukurasa alioupitia mara tatu unaonekana kama anaujua, kwa sababu maneno ameyazoea macho.

Hasara ya pili ni kwamba mavuno ya mchana hayakupata muda wa kutosha kuhamishwa. Kwa saa mbili alizolala, ubongo utakimbilia usingizi mzito kidogo, na ule wa ndoto karibu wote ataukosa. Ya tatu ni pale mtihanini. Ubongo uliokosa usingizi hujizima kwa sekunde chache chache hata macho yakiwa wazi. Mwanafunzi anasoma swali, anafika mwisho, na hajui lilianza vipi.

Wengi husema watafidia Jumamosi. Kuhusu hilo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha jaribio mwaka 2000. Waliwafundisha watu zoezi la kutambua alama kwa haraka, kisha baadhi yao wakanyimwa usingizi usiku wa kwanza. Hao waliruhusiwa kulala vizuri usiku mbili zilizofuata, ndipo wakapimwa. Waliolala usiku wa kwanza walikuwa wameboreka. Walionyimwa hawakuonyesha maendeleo ya maana. Usingizi wa baadaye uliondoa uchovu, lakini haukurudisha faida ya usiku ule.

Ni kweli wapo wanaokesha na kufaulu. Mambo machache yaliyosomwa usiku yanaweza kushikilia hadi asubuhi, hasa kama mtu alishasoma mapema. Lakini mengi huyeyuka ndani ya siku chache, na mtihani wa mwisho huuliza mambo ya miaka yote. Vilevile usingizi hauhamishi kitu ambacho hakikuanikwa uwanjani. Ambaye hakusoma hatafaulu kwa kulala, na kuwasha sauti ya somo ukiwa usingizini hakukufundishi mada mpya.

Basi kesho kuna mtihani, ni saa mbili usiku, na mada hazijaisha. Chagua mbili tu. Soma moja, funga daftari, uandike kwenye karatasi yote unayoyakumbuka, kisha fungua uone ulipopungukiwa. Hapo ndipo utajua kama unaijua kweli au umeizoea tu. Saa tatu na nusu lala, na simu iwe mbali. Kahawa uiache tangu alasiri, kwa sababu baada ya saa tano hivi karibu nusu ya nguvu yake bado iko mwilini. Ukinywa saa mbili usiku, saa saba bado inausumbua usingizi wako mzito. Alfajiri pitia ile karatasi yako, usianze mada mpya.

Kwa mzazi, angalia pia saa ya kuamka. Binti anayeamshwa saa tisa usiku kwenda kuchota maji anakatwa usingizi wa ndoto karibu kila siku, hata kama alilala mapema. Kijana wa umri huo anahitaji saa nane hadi kumi za usingizi. Wiki ya mtihani, maji yale yanaweza kuchotwa jioni, au na mtu mwingine nyumbani.