Kujibu mlolongo wa barua pepe bila kuishia kwenye barua ya mwisho

MRATIBU wa semina ya siku mbili itakayofanyika Morogoro anarejea ofisini kwake Dar es Salaam Jumanne jioni, baada ya kutwa nzima ya safari. Anafungua kompyuta na kukuta barua pepe nane zilizofuata ile aliyoituma mwenyewe Jumatatu asubuhi. Ya mwisho imetoka kwa mkuu wake wa idara, naye anauliza jambo moja tu: je, mada ya ufunguzi ataitoa yeye? Mratibu anaandika, "Ndiyo, Mkuu," anatuma, kisha anakwenda nyumbani akiamini kuwa amemaliza kazi.

Ijumaa inapofika, hoteli haijui itenge vyumba vingapi. Mhasibu hajaandaa posho. Watumishi watano wa Mwanza, ambao safari yao kwa basi huchukua kutwa nzima, hawajui kama wanaruhusiwa kufika siku moja kabla. Wote hao walikuwa wameuliza kwa maandishi, na kila swali lilikuwamo ndani ya sanduku la barua la mratibu.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini yeyote anayefanya kazi kwa barua pepe atalitambua kosa lenyewe. Asili yake haiko katika uzembe peke yake. Kwa sehemu kubwa linatokana na namna barua hizo zinavyopangwa.

Mlolongo ni mti, si mstari

Kila barua pepe hubeba kitambulisho chake, ambacho kwa kawaida msomaji hakioni. Mtu anapojibu, barua yake hubeba pia kitambulisho cha ile anayoijibu, katika mstari uitwao In-Reply-To. Programu za barua hutumia alama hizo kuzikusanya barua za mazungumzo mamoja. Huduma ya Gmail, iliyoanzishwa Aprili 2004, iliwazoesha watu wengi kuziona barua hizo zikiwa zimepangwa moja chini ya nyingine kwa kufuata muda.

Mpangilio huo humfanya msomaji adhani kuwa kila barua inaijibu iliyotangulia. Sivyo. Watu wawili wanapoijibu barua moja kila mmoja kwa upande wake, mazungumzo hugawanyika matawi mawili, na kila tawi huendelea kukua peke yake.

Ndivyo ilivyotokea kwa mratibu. Barua ya kwanza ni tangazo lake. Ya pili, ya mhasibu, ililijibu tangazo hilo kwa kuuliza mambo mawili: washiriki ni wangapi, na posho italipwa kwa siku ngapi? Ya tatu, ya ofisa wa Dodoma, nayo ililijibu tangazo lile lile, ikiuliza kama nauli itarejeshwa. Ya nne, ya meneja wa hoteli, ilimjibu mhasibu na kutaka idadi ya vyumba kabla ya Ijumaa saa 6 mchana. Katika ya tano mkuu wa idara alimwomba meneja apunguze bei.

Ya sita ilitoka Mwanza, nayo ilimjibu ofisa wa Dodoma: "Nasi pia. Na je, tunaweza kufika Jumatano?" Katika ya saba meneja alikubali kushusha bei ya chumba kutoka Sh45,000 hadi Sh40,000. Katika ya nane ofisa wa Dodoma alisema haulizi tena habari ya nauli, kwa kuwa wamepata gari la ofisi litakalowafikisha Jumatano jioni na kuwarudisha Ijumaa jioni. Ya tisa, ya mkuu wa idara, ilimshukuru meneja na kuuliza habari ya mada.

Wengi huamini kuwa barua ya mwisho imebeba nyingine zote katika mkia wake, yaani yale maandishi ya zamani yanayobaki chini. Lakini mkia hubeba tawi lake tu. Chini ya barua ya tisa zimo ya saba, ya tano, ya nne, ya pili na ya kwanza. Ya tatu, ya sita na ya nane hazimo kabisa. Mtu anayeusoma mkia huo kwa makini tangu mwanzo hadi mwisho hatakutana na Mwanza popote.

Kuorodhesha maswali kabla ya kuandika

Tahadhari juu ya jambo hili ni ya siku nyingi. Mwongozo wa adabu za mtandao uitwao RFC 1855, uliotolewa Oktoba 1995, ulishauri kuwa kabla ya kujibu, mtu apitie kwanza vichwa vya barua zake zote, kwa kuwa huenda aliyeuliza ameshaandika tena kusema kuwa hahitaji msaada. Mwongozo huo ulitaka pia mtu ahakikishe kuwa barua anayoijibu imeelekezwa kwake, na si kwamba amepewa nakala tu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kusoma kila barua peke yake, kuanzia ya zamani zaidi, na kuandika kando nani ameuliza nini. Alama ya kuuliza isiwe kipimo pekee. Maneno "nahitaji idadi ya vyumba" ni swali, ingawa yanaishia kwa nukta. Maneno "Nasi pia" kutoka Mwanza ni swali la nauli, lakini hayaeleweki mpaka barua ya tatu isomwe.

Mratibu akifanya hivyo atapata maswali manane. Mhasibu ana mawili, Mwanza wawili, meneja moja, Dodoma moja, na mkuu wa idara mawili. Baada ya hapo huangaliwa yapi yamekwisha. Swali la bei limeshajibiwa na meneja mwenyewe, na la Dodoma limeondolewa na aliyeuliza. Hapa ndipo penye mtego: Dodoma wameondoa swali lao, lakini Mwanza walioungana nao hawakuondoa la kwao. Yamebaki maswali sita.

Lipi lijibiwe kwanza

Maswali sita hayo hayana uzito sawa, kwa kuwa mengine hutegemea jibu la jingine. Ufunguo uko katika swali la Mwanza kuhusu Jumatano, ambalo limejificha katika tawi lisiloonekana. Wakiruhusiwa kufika siku hiyo, hesabu ya vyumba na ya posho zote hubadilika.

Tuseme washiriki ni 28: 19 wa Dar es Salaam, wanne wa Dodoma na watano wa Mwanza. Wa Dar es Salaam wataondoka Alhamisi alfajiri na kurudi Ijumaa jioni, hivyo watalala usiku mmoja. Dodoma na Mwanza watalala Jumatano pia, na Mwanza watabaki hadi Jumamosi asubuhi. Vyumba vinavyohitajika ni tisa Jumatano, 28 Alhamisi na vitano Ijumaa. Kama mratibu angemjibu meneja "28" tu, watu tisa wangefika Jumatano usiku bila vyumba.

Posho nayo hufuata mkondo huo. Kwa siku mbili za semina, hesabu ya watu 28 ni siku 56 za malipo. Zikiingizwa siku za safari, Dar es Salaam wana siku mbili kila mmoja, Dodoma tatu na Mwanza nne, na jumla huwa 70. Mhasibu aliyejibiwa haraka haraka kuwa posho ni ya siku mbili angepungukiwa fedha za siku 14.

Jibu lenyewe

Baada ya uamuzi kufanyika, jibu huandikwa kwa kutaja kila aliyeuliza, huku lile ambalo mengine yanalitegemea likitangulia. Mratibu angeweza kuandika hivi:

"Ndugu wote, nimesoma barua zote nane zilizofuata tangazo langu la Jumatatu. Mwanza: ndiyo, mfike Jumatano na kuondoka Jumamosi asubuhi. Nauli ya basi itarejeshwa kwa kuonyesha tiketi. Dodoma: nimeona kuwa mmepata gari, nami nimewawekea vyumba vya Jumatano. Meneja: tunahitaji vyumba tisa Jumatano, 28 Alhamisi na vitano Ijumaa, kwa bei ya Sh40,000 mliyokubaliana na Mkuu. Mhasibu: washiriki ni 28, na kuhusu posho nakuandikia kando. Mkuu: ndiyo, mada ya ufunguzi ni yako, Alhamisi saa 3 asubuhi. Kama kuna swali nililoliruka, nijulisheni kabla ya Alhamisi hii jioni."

Posho imetengwa kwa makusudi. Meneja wa hoteli ni mtu wa nje, na malipo ya watumishi hayamhusu. Kabla ya kubonyeza Reply All, ni lazima kuyasoma majina yaliyo mbele ya To na Cc, kwa kuwa orodha hiyo hutokana na barua inayojibiwa. Kama mkuu wa idara aliwaacha Mwanza nje ya barua ya tisa, jibu lililoandikwa juu ya barua hiyo halitawafikia, hata kama linawataja.

Swali ambalo mratibu hana jibu lake lisiachwe kimya. Huandikwa nani atalijibu na lini. Ukimya haumwambii aliyeuliza kama swali lake limeonekana au limepotea.

Baadhi ya watu hupenda kuandika majibu yao katikati ya maandishi ya zamani, chini ya kila swali, kwa rangi tofauti. Njia hiyo hufaa kwa watu wawili wenye hoja nyingi. Katika kundi ina kasoro mbili: rangi hupotea barua inapofunguliwa kama maandishi matupu, na maandishi ya zamani mara nyingi hufichwa nyuma ya nukta tatu ambazo si kila mtu huzibonyeza. Zaidi ya hayo, majibu hayo hukaa ndani ya tawi moja, na maswali ya tawi jingine hayana pa kuandikiwa.

Dalili za swali lililorukwa

Dalili ya kwanza ni mtu kuandika "nakumbusha" au kupiga simu kuuliza jambo alilokwisha kuliandika. Ya pili ni mtu aliyeuliza kunyamaza ghafla huku wengine wakiendelea, kwani huenda ameshaamua mwenyewe. Ya tatu ni kichwa cha habari kilichobadilishwa. Gmail huanzisha mlolongo mpya kichwa kinapobadilika, au barua zinapozidi 100, na maswali ya mlolongo wa zamani hubaki nyuma bila mtu wa kuyaangalia.

Tahadhari ya mwisho ni ya dakika moja. Kuandaa jibu la namna hii kunaweza kuchukua nusu saa, na katika muda huo barua ya kumi inaweza kuingia. Kabla ya kutuma, mratibu huangalia tena sanduku lake. Huenda Mwanza wamepunguza mtu mmoja, na hapo vyumba vya usiku wote watatu, pamoja na siku nne za posho, havina budi kuhesabiwa upya.