Kiwango cha ndani cha faida: hesabu ya mtambo wa jua wa Garissa

Kiwango cha ndani cha faida ni asilimia ya mwaka ambayo, ikitumika kupunguza mapato yote ya baadaye ya mradi, hufanya jumla ya thamani yake ya leo ilingane na mtaji uliotolewa. Kwa maneno mengine, ni kiwango kinachofanya thamani halisi ya sasa iwe sifuri. Mradi ukidumu miaka mingi hakuna kanuni ya moja kwa moja ya kukipata. Hutafutwa kwa kujaribu asilimia moja baada ya nyingine hadi jibu likaribie sifuri, au kwa programu inayofanya kazi hiyohiyo kwa haraka.

Mradi na takwimu zake

Mtambo wa umeme wa jua wa Garissa, wenye uwezo wa takriban megawati 50, ulijengwa karibu na mji wa Garissa chini ya mamlaka ya serikali ya umeme wa vijijini, kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Rais Uhuru Kenyatta aliuzindua tarehe 13 Desemba 2019. Gharama iliyotangazwa ni shilingi bilioni 13.7, yaani takriban dola milioni 135.7, na ulitarajiwa kuzalisha uniti zipatazo milioni 76.5 kwa mwaka.

Bei inayotumika hapa ni ya mfano: senti 12 za dola kwa uniti. Hiyo ndiyo bei ambayo sera ya Kenya ya mwaka 2012 iliweka kwa umeme wa jua wa mitambo midogo kuliko huu, na haichukuliwi hapa kuwa bei ya mkataba wa Garissa. Kwa bei hiyo mauzo ya mwaka ni dola milioni 9.18. Tukikadiria kuwa kuosha paneli, ulinzi, matengenezo na mishahara huchukua milioni 1.18, hubaki milioni 8.0 kila mwaka. Muda wa mradi umewekwa kuwa miaka 25.

Kutafuta kwa majaribio

Kila pato hugawanywa kwa (1 + r) iliyozidishwa kwa yenyewe mara nyingi kama miaka ya kungoja, ambapo r ni kiwango kinachojaribiwa. Kwa asilimia 3, kwa mfano, dola milioni 8 za mwaka wa 25 zina thamani ya takriban milioni 3.8 leo. Mapato yote 25 yakishapunguzwa hujumlishwa, kisha mtaji hutolewa. Jibu likiwa chanya, kiwango kilichojaribiwa ni kidogo mno. Likiwa hasi, kimezidi.

Pa kuanzia hupatikana kwa kugawa pato la mwaka kwa mtaji: 8.0 kwa 135.7 ni takriban asilimia 5.9. Mradi ungefikia kiwango hicho kama mapato hayo yangeendelea milele. Kwa kuwa yanakoma baada ya miaka 25, jibu lazima liwe chini yake.

Tukijaribu asilimia 5, mapato yana thamani ya leo ya milioni 112.75, hivyo pengo ni hasi 22.95. Tukishuka hadi asilimia 3, thamani inapanda kufikia 139.31 na jibu ni chanya 3.61. Sasa mzizi umebanwa kati ya 3 na 5. Asilimia 3.5 inatoa 131.85, yaani hasi 3.85, na mzizi unabanwa zaidi, kati ya 3 na 3.5.

Hatua ya mwisho ni kugawa nafasi hiyo kwa uwiano. Kutoka chanya 3.61 hadi hasi 3.85 ni umbali wa 7.46, na sifuri iko sehemu 3.61 kutoka mwanzo. Hivyo 3 + 0.5 × 3.61 / 7.46 ni takriban asilimia 3.24. Njia hii huchukulia kwamba mstari kati ya nukta mbili umenyooka, ilhali umepinda kuelekea chini, kwa hiyo jibu lake huzidi ukweli kidogo. Nafasi ikiwa finyu, kosa hilo huwa dogo sana.

Kutafuta kwa Python

Maktaba ya SciPy ina chombo kiitwacho `brentq`, kinachofuata njia iliyochapishwa na Richard Brent mwaka 1973. Nacho hubana mzizi kati ya alama mbili zenye ishara tofauti. Hutumia makadirio ya uwiano yanapokwenda vizuri, na yakisuasua hurudi kukata nafasi katikati.

```python
from scipy.optimize import brentq

mtiririko = [-135.7] + [8.0] * 25

def thamani(r):
    return sum(c / (1 + r)**t
               for t, c in enumerate(mtiririko))

kiwango = brentq(thamani, 0, 0.20)
print(round(kiwango * 100, 2))
```

Programu huandika 3.24. Mtaji uko mwanzo wa orodha kwa sababu `enumerate` huanza kuhesabu na 0, yaani leo. Ukiwekwa mwaka wa 1 kwa bahati mbaya, mapato yatasogea pamoja nao na jibu halitabadilika. Ila mapato ya mwaka wa kwanza yakiwekwa pamoja na mtaji katika mwaka wa 0, kiwango kitapanda isivyo halali.

Faida ya programu huonekana mapato yanapotofautiana mwaka hadi mwaka. Paneli hupoteza nguvu kadiri zinavyozeeka. Mauzo yakipungua kwa nusu asilimia kila mwaka huku gharama zikibaki palepale, kiwango kinashuka hadi takriban asilimia 2.69. Kwa mkono, kila jaribio lingedai kupunguza mapato 25 yasiyolingana.

Mzizi usipoonekana

Bei ikiwa senti 6, kinachobaki kwa mwaka ni milioni 3.41. Miaka 25 inaleta milioni 85.25 tu, pungufu ya mtaji hata kabla ya kupunguza thamani. Programu hapo juu itasimama na ujumbe huu:

```
ValueError: f(a) and f(b) must have different signs
```

Ujumbe huo haumaanishi kwamba programu imeharibika. Kwa sifuri na kwa asilimia 20, majibu yote mawili ni hasi, hivyo hakuna mzizi uliobanwa. Mpaka wa chini ukishushwa hadi `-0.10`, jibu linapatikana: hasi 3.3. Mradi wa namna hiyo haurudishi mtaji wake kwa mauzo ya umeme pekee.

Hatari kubwa zaidi haitoi ujumbe wowote. Vigeuzi vya umeme vikibadilishwa katikati ya maisha ya mtambo, na gharama ya mwaka huo ikazidi mapato, mtiririko hubadili ishara mara tatu. Hapo huweza kuwepo mzizi zaidi ya mmoja, na `brentq` hurejesha mmoja tu. Dawa ni kukokotoa `thamani` kwa viwango vingi, tuseme kuanzia hasi asilimia 10 hadi 30, na kuhesabu jibu limevuka sifuri mara ngapi. Likivuka zaidi ya mara moja, kiwango cha ndani kiachwe na mradi upimwe kwa thamani halisi ya sasa kwa kiwango cha mtaji kilichochaguliwa mapema.

Jibu pia hubeba sarafu ya hesabu. Asilimia 3.24 hapa ni ya dola, hivyo hulinganishwa na riba ya mkopo wa dola. Kuilinganisha na hati za serikali za shilingi kunahitaji kwanza kubadili kila pato kuwa shilingi kwa kiwango cha kubadilisha fedha kinachotarajiwa mwaka huo, kisha kutafuta mzizi upya.