Kwa nini wingu jingine hunyesha na jingine hupita?

WAKAZI wengi wa miji ya pwani wameizoea hali hii: asubuhi anga hutanda mawingu, watu hubeba miavuli, wauzaji wa barabarani hufunika bidhaa zao kwa nailoni, lakini hadi jioni halijadondoka hata tone moja. Siku nyingine wingu huanza kujijenga saa sita mchana, na kabla ya saa tisa barabara zimejaa maji.

Tofauti ya siku hizo mbili haitokani na wingi wa mawingu. Inatokana na hatua mbili zinazofuatana angani. Ya kwanza ni hewa yenye unyevu kupanda na kupoa hadi mvuke uliomo ugeuke vitone vya maji. Ya pili ni vitone hivyo kukua hadi viwe vizito kiasi cha kuishinda hewa inayovibeba. Mawingu mengi huikamilisha hatua ya kwanza, lakini ni machache yanayoimaliza ya pili.

Mahali pazuri pa kuzifuatilia hatua hizo ni mkoani Tanga, ambako upepo wa Bahari ya Hindi husafiri juu ya tambarare kabla ya kukutana na safu ya milima ya Usambara Mashariki.

Hewa hupoa kwa kutanuka

Chukua hewa iliyoko usawa wa bahari siku ya masika, ikiwa na joto la nyuzi 30 za Sentigredi. Katika kila mita moja ya ujazo ya hewa hiyo mna karibu gramu 22 za maji. Maji hayo ni mvuke, nao mvuke hauonekani kwa macho. Kwa joto hilo, hewa ingeweza kubeba hadi gramu 30 hivi, kwa hiyo bado ina nafasi. Ingepozwa papo hapo hadi nyuzi 24, nafasi hiyo ingekwisha na umande ungeanza kutokea. Ndiyo sababu wataalamu huiita nyuzi 24 kuwa kiwango cha umande cha hewa hiyo.

Upepo unapoisukuma hewa hiyo kupanda mlima, kanieneo ya hewa inayoizunguka hupungua. Hewa hutanuka, na kwa kutanuka hutumia sehemu ya joto lake yenyewe. Wengi hudhani kwamba hewa hupoa kwa kugusana na anga la juu lenye baridi, lakini chanzo hasa ni huko kutanuka. Anayetoa upepo kwenye tairi la baiskeli huhisi jinsi hewa inayotoka ilivyo ya baridi, ilhali anayejaza tairi hilo huona bomba likipata moto. Hewa inayopanda hupatwa na jambo lile lile la kwanza.

Hewa ambayo bado haina wingu hupoa kwa karibu nyuzi moja kila inapopanda mita 100. Kiwango chake cha umande nacho hushuka, lakini polepole sana, karibu nyuzi mbili kwa kila mita 1,000. Viwango hivyo viwili husogeleana hadi vikutane. Kanuni nyepesi ya wataalamu ni kuchukua tofauti kati ya joto la hewa na kiwango cha umande, kisha kuizidisha kwa mita 125. Katika mfano huu tofauti ni nyuzi 6, hivyo wingu litaanza kwenye mita 750 hivi, mahali ambapo joto limeshuka hadi nyuzi 22 na nusu.

Amani, yenye bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, iko kwenye mwinuko wa karibu mita 900. Siku ya namna hiyo, mtu aliyeko mjini Tanga huona wingu limeukalia mlima, ilhali aliyeko Amani husema kuna ukungu. Wote wawili wanatazama kitu kimoja.

Hii pia ndiyo sababu ya mawingu mengi ya mchana kuwa na kitako bapa, kana kwamba yamekatwa kwa kisu. Kitako hicho kinaonyesha kimo ambacho hewa yote ya eneo hilo hufikia kiwango chake cha umande. Hewa ikiwa kavu, kitako huwa juu. Ikiwa na unyevu mwingi, huwa chini.

Vumbi na chumvi ya bahari

Mvuke hauwezi kugeuka vitone kirahisi bila kupata kitu cha kushika. Mwaka 1875 Mfaransa Paul-Jean Coulier, na baada yake Mskoti John Aitken katika miaka ya 1880, walionyesha kwamba hewa yenye unyevu iliyochujwa vumbi haitoi ukungu inapopozwa ndani ya chupa, ilhali hewa isiyochujwa hutoa ukungu mara moja. Angani kazi hiyo hufanywa na chembe za chumvi zinazorushwa na mawimbi ya bahari, moshi, vumbi na chembe nyingine ndogo mno. Kila kitone cha wingu huanza kwa kuizunguka chembe mojawapo.

Mvuke unapogeuka maji huachia joto. Kwa sababu hiyo, hewa iliyo ndani ya wingu hupoa polepole zaidi kuliko hapo awali, takriban nusu ya kasi ya mwanzo. Joto hilo huifanya hewa ya wingu kuwa nyepesi kuliko jirani zake, na mara nyingi huendelea kupanda yenyewe hata pale msukumo wa mlima unapokwisha. Hivyo ndivyo wingu dogo linavyogeuka kuwa mnara.

Kitone kimoja hakitoshi

Hapa ndipo mawingu mengi yanapokwama. Kitone cha kawaida cha wingu kina kipenyo cha sehemu mbili za mia za milimita. Huanguka, lakini kwa sentimeta moja hivi tu kwa sekunde. Kikidondoka kutoka kitako cha wingu kwenye mita 750, kingehitaji zaidi ya saa 17 kufika chini, nacho hukauka muda mfupi tu baada ya kutoka winguni. Hewa inayopanda kwa mwendo wa nusu mita kwa sekunde hukirudisha juu bila taabu.

Tone la mvua la kawaida lina kipenyo cha milimita mbili, na huanguka kwa zaidi ya mita sita kwa sekunde. Safari hiyo hiyo ya mita 750 hulichukua dakika mbili. Lakini ili kupata tone moja kama hilo, yahitajika maji ya vitone vya wingu vipatavyo milioni moja.

Ukuaji huo hauwezi kuletwa na mvuke peke yake. Mvuke hukikuza kitone upesi kinapokuwa kidogo, kisha kasi hupungua sana. Tone la mvua lingehitaji zaidi ya siku nzima, ilhali wingu la mchana mara nyingi huishi chini ya saa moja. Kinachohitajika ni vitone kugongana na kuungana. Vitone vyote vikiwa na ukubwa sawa, huanguka kwa mwendo sawa na hugongana kwa nadra. Vichache vikitangulia kufikia kipenyo cha sehemu nne za mia za milimita, huanguka kwa kasi zaidi, huvipata vile vidogo vilivyo chini yao na kuvimeza. Kila kimezwacho huongeza kasi, na kasi huongeza vinavyomezwa. Kuanzia hapo mvua yaweza kupatikana ndani ya dakika 20 au 30.

Wingu lililotoka baharini hupata nafasi nzuri zaidi katika hatua hii. Hewa ya bahari ina chembe chache, na baadhi yake ni chembe kubwa za chumvi. Hivyo maji hugawanywa kwa vitone vichache vyenye ukubwa tofauti. Hewa yenye moshi mwingi hugawa maji yale yale kwa vitone vingi vidogo vinavyolingana, na wingu jembamba la aina hiyo laweza kupita bila kunyesha.

Mawingu marefu yana njia ya pili. Katika ukanda wa ikweta joto hufikia nyuzi sifuri kwenye kimo cha karibu mita 4,800, chini ya kilele cha Kilimanjaro. Juu ya hapo vitone vingi hubaki maji ingawa ni vya baridi kuliko barafu. Chembe chache za barafu zikijitokeza miongoni mwao, huvuta mvuke kwa nguvu zaidi, na vitone vya jirani hukauka ili kuzilisha. Jambo hilo lilidokezwa na Mjerumani Alfred Wegener mwaka 1911, kisha likaendelezwa na Msweden Tor Bergeron. Barafu hiyo huyeyuka njiani na kufika kama mvua. Ikirushwa juu kwa nguvu huku ikiendelea kupakwa maji, hufika kama mvua ya mawe, ambayo wakulima wa chai wa Kericho nchini Kenya wanaijua vyema.

Wingu si tangi

Bado kuna hesabu moja inayowashangaza wengi. Mita moja ya ujazo ndani ya wingu la kawaida ina takriban gramu moja tu ya maji. Wingu lenye unene wa mita 1,000, likikamuliwa lote, lingetoa lita moja kwa kila mita ya mraba ya ardhi, yaani milimita moja ya mvua. Kiasi hicho hakitoshi hata kuondoa vumbi barabarani.

Kwa hiyo mvua ya milimita 50 haitokani na maji yaliyokuwa yamehifadhiwa winguni. Hutokana na hewa mpya yenye unyevu inayoingia kwa chini saa baada ya saa, ikipanda, ikiacha maji yake na kutoka kwa juu. Mafuriko huja pale mlango huo unapobaki wazi juu ya eneo moja. Unapofungwa, wingu hufa hata kama lilionekana jeusi. Weusi wenyewe huonyesha tu kwamba wingu ni nene na mwanga wa jua haupenyi vyema.

Amani, ambako milima huusukuma upepo wa bahari juu bila kuchoka, hupata karibu milimita 1,900 za mvua kwa mwaka. Upepo huo huo huendelea hadi Usambara Magharibi na kuacha huko sehemu nyingine ya maji yake. Ukiteremka upande wa pili kuelekea bonde la Mkomazi, hewa husongwa na kupata joto, nyuzi moja kwa kila mita 100, na vitone vilivyosalia hugeuka tena mvuke. Msafiri wa barabara ya Moshi huyaona mawingu yamekaa juu ya milima, na chini yake mashamba ya mkonge katika nchi kavu.