Tiksotropia ya sosi ya nyanya

Sosi ya nyanya ya chupani, ile inayowekwa mezani pamoja na brosheti na chipsi katika mikahawa ya Gitega na Muyinga, haitoki kwa urahisi chupa ikiinamishwa. Chupa hiyohiyo ikishatikiswa, sosi hutoka kwa mkupuo na kufunika sahani nzima. Chanzo kikubwa cha tabia hiyo ni tiksotropia, yaani sifa ya baadhi ya vitu vya majimaji mazito kulegea kadiri vinavyosukwasukwa, na kukaza tena vikiachwa vitulie. Sifa hiyo ilielezwa mwaka 1923 na watafiti Emma Schalek na Andor Szegvari, ambao hawakuwa wakishughulika na chakula bali na rojo ya oksidi ya chuma: ilikuwa ikiyeyuka ikitikiswa na kuganda upya ikitulia.

Sosi si maji yenye rangi. Ndani yake mna vipande vidogo vya nyama ya nyanya vinavyoelea katika maji yenye sukari, siki, chumvi na pektini. Viwanda vingi huongeza wanga au gundi ya zanthani. Sosi inapotulia, vipande hivyo hugusana na kunasana, na nyuzi za pektini na gundi huvifunga pamoja mpaka unatokea utando dhaifu unaoenea chupa nzima. Utando huo ndio unaobeba uzito wa sosi. Ukisukumwa kidogo hupinda tu. Ukisukumwa kupita kiwango fulani hukatika, na hapo ndipo sosi huanza kumiminika. Asali haina kiwango hicho: hutiririka polepole, lakini hutiririka tangu mwanzo hata bila kuguswa.

Kiwango cha kuanza kumiminika hupimwa kwa paskali. Paskali 1 ni karibu sawa na uzito wa gramu 100 uliotandazwa juu ya mita 1 ya mraba, kwa hiyo ni nguvu ndogo sana. Sosi nyingi za nyanya zina kiwango cha makumi ya paskali. Mtu anaweza kukiona bila chombo chochote: sosi yenye kiwango cha paskali 30 hung'ang'ania ukuta wa wima wa kioo kwa unene wa karibu milimita 3, na unene ukizidi hapo huteremka. Ndiyo maana chupa inayodhaniwa kwisha bado ina sosi iliyopakaa pande zote.

Kigugumizi cha sosi hutokea shingoni mwa chupa. Chukua shingo yenye upana wa ndani wa sentimita 2 na sosi ya paskali 30. Chupa ikisimamishwa kichwa chini, uzito wa sosi huusukuma ukuta wa shingo kwa karibu paskali 54, na sosi ingetakiwa kutoka. Ikiinamishwa kwa nyuzi 30 tu chini ya usawa, msukumo hushuka hadi paskali 27, na sosi hubaki palepale. Tumboni mwa chupa, ambako upana ni mara mbili au tatu, msukumo ni mkubwa kwa kiasi hichohicho. Sosi husogea upesi hadi shingoni, kisha hukwama. Tena iliyokaa siku kadhaa bila kuguswa hukaza zaidi, hata msukumo wa wima usiitoshe.

Kuna kizuizi cha pili ambacho hakihusiani na tiksotropia, ingawa hulaumiwa pamoja nayo, nacho ni hewa. Gitega iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huko ni takribani paskali 85,000. Chupa ya kioo haibonyei. Sosi ikishuka kidogo, hewa iliyo nyuma yake hupanuka na kanieneo yake hupungua. Ikipanuka kwa asilimia 1 na ushei tu, upungufu unatosha kushikilia sosi yenye urefu wa sentimita 10. Katika chupa mpya iliyobaki na mililita 20 za hewa, asilimia hiyo ni matone machache. Sosi hukwama kabla haijaanza safari, mpaka kiputo cha hewa kipenye kutoka nje. Chupa ya plastiki ya kuminya haina shida hiyo, kwa kuwa mkono ndio unaosukuma.

Mkupuo wenyewe ndio sehemu inayostahili kutazamwa kwa makini. Sosi inapoanza kusogea, mwendo hukata baadhi ya viungo vya utando. Viungo vikipungua, mnato hushuka. Mnato ukishuka, mwendo huongezeka na kukata viungo vingine zaidi. Wakati huohuo viungo vilivyokatika vinajaribu kuungana upya. Mwendo ukiwa mdogo, kuungana hushinda na sosi husimama; ukivuka mpaka fulani, kukatika hushinda na hakuna kinachouzuia tena. Baina ya hali hizo mbili hakuna mtiririko wa wastani unaodumu, na ndiyo sababu anayetaka sosi kidogo hupata ama patupu ama nusu chupa. Maji membamba yanayojitenga kando ya kioo huongeza kasi, kwani donge zima huteleza juu yake bila hata kulegea katikati.

Kwa hiyo kupiga kitako cha chupa hakusaidii sana: pigo husumbua zaidi sosi ya huko nyuma, na kizuizi kiko mbele. Lililo bora ni kutikisa chupa ikiwa imefungwa, ili utando ukatike kote, kisha kuifungua mara moja na kuiinamisha kwa mlalo. Hewa huingia upande wa juu wa shingo na sosi hutoka upande wa chini. Kuchelewa ni kuipa nafasi ya kukaza upya.

Wepesi wa kutoka peke yake hauthibitishi tiksotropia. Sosi nyingine hulegea tu wakati inaposukumwa na hurudia hali yake papo hapo. Tiksotropia inadai muda. Jaribio rahisi ni chupa mbili za aina moja: moja iachwe siku nzima, nyingine itikiswe, zote zikiwa na joto lilelile, kisha zimiminwe pamoja. Maabara hutumia kipima mnato kinachozunguka: kasi huongezwa, kisha hupunguzwa, na mistari miwili ya grafu isipolingana, pengo lake huonyesha utando uliokuwa haujarudi. Pengo la sosi ya nyanya mara nyingi si kubwa, na sehemu yake haifungiki tena, kwa maana vipande vya nyanya vilivyosagika havirudi kuwa vizima.

Msindikaji mdogo anayetengeneza sosi kwa nyanya za soko la Muyinga hukutana na jambo hili mapema, tangu nyanya zinapopondwa. Kupondwa huzindua vimeng'enya vinavyovunja pektini. Nyanya zilizopondwa zikaachwa baridi hutoa sosi nyembamba inayotoa maji mekundu juu, ambayo ndiyo hutangulia kumwagika kwenye chipsi. Zikipashwa upesi kupita nyuzijoto 85, vimeng'enya hufa, pektini hubaki na sosi husimama. Mkahawa unaoongeza maji ili sosi ikae siku nyingi huondoa ugumu wa kutoka, lakini pia huondoa kile kinachoifanya isichuruzike kutoka juu ya nyama.