Kipara Huonekana, Ukongwe Husomwa

Mtumba ni neno lililozoea mizigo. Kabla halijawa jina la nguo za kuvaliwa mara ya pili, mtumba ulikuwa robota lililofungwa likabebwa na mpagazi. Leo ukitafuta tairi la Noah pale Bukoba mjini au Muleba, swali la kwanza ni "Jipya au la mtumba?" Neno linasema tairi limetumika, basi. Halisemi lilitoka kiwandani lini, wala lilikusudiwa gari la uzito gani. Hayo yameandikwa ubavuni.

Nasema ubavuni, ingawa wengi husema pembeni. Pembeni ni popote: ni kwenye bega la kashata, ni kwenye ukingo unaokaa ndani ya rimu. Ubavu ni ile sehemu laini inayojikunja kila gurudumu linapozunguka, ambayo ikipasuka fundi mwaminifu hakuzibii. Tena ubavu una mwenzake. Tairi lina ubavu wa nje na ubavu wa ndani, na tutaona kwa nini inafaa kuzitaja mbavu zote mbili.

Tuchukue tairi la Noah lenye maandishi haya: 195/65R15 91. Ile 195 ni upana kwa milimita, na neno upana linatosha. Ile 65 wauzaji huiita urefu, nami nakataa. Si urefu wa kitu chochote, ni hisa. Kimo cha ubavu ni sehemu 65 kwa 100 za upana, yaani kama milimita 127. Iitwe "kimo kwa mia", ili anayesikia ajue kwamba 65 ya tairi jembamba na 65 ya tairi pana si kimo kimoja.

R ndiyo herufi inayoonewa zaidi. Kwa kuwa nyuma yake inakuja 15, na 15 kweli ni kipenyo cha rimu kwa inchi, watu wamekubaliana kwamba R ni rimu. Lakini R inaeleza nyuzi zilizofichwa ndani ya mpira zimelazwa vipi. Zimekatiza moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, na Kiswahili kina kitenzi chake: kukingama. Tairi la R ni tairi la mkingamo. Aina ya zamani ina nyuzi zilizolala kimshazari, zikipishana, na hilo ni tairi la mshazari. Tofauti hii si ya vitabuni tu. Kwenye Canter za kubeba ndizi utakuta 7.50R16 na utakuta 7.50-16, yenye kistari mahali pa R. Anayeita yote "rimu 16" hakukosea rimu, ila anaweza kufunga mkingamo upande huu na mshazari upande ule wa ekseli moja, kisha ashangae gari linavuta.

Sasa 91, ambayo wanunuzi wengi huipita kama mapambo. Nimesikia ikiitwa namba ya mzigo. Jina si baya, ila linadanganya kidogo, maana msikilizaji hudhani 91 ni kilo 91. Namba hii haipimi chochote yenyewe. Inakupeleka kwenye jedwali, na jedwali linasema 91 ni kilo 615 kwa tairi moja lililojazwa upepo ipasavyo. Wapo watakaopendekeza "fahirisi ya mzigo", neno zuri la maktaba. Mimi nachagua himili. Kuhimili ni ndugu wa hamali, mbebaji wa gati na soko, na ndani yake mna kubeba na kuvumilia kwa pamoja. "Tairi hili lina himili 91": fupi, na linatamkika chini ya gari.

Tuone himili ikifanya kazi. Noah tupu inakaribia kilo 1,500. Waingie watu kumi wa kilo 65 kila mmoja, hizo ni 650. Juu na nyuma iwekwe mikungu ya ndizi ya kilo 300 kutoka Kamachumu kwenda Bukoba. Jumla ni 2,450. Matairi manne ya himili 91 yanabeba 2,460. Yamebaki kilo kumi, na hesabu hiyo inadhani mzigo umegawanywa sawa, wakati ndizi na abiria wamejaa nyuma. Yaani gari hilo hata kwa tairi sahihi limeshapita mpaka kwenye ekseli ya nyuma.

Halafu muuzaji anasema, "Bosi, 195 zimeisha, chukua hii 185, nayo ni 15, inaingia bila shida." Kuingia itaingia. Ubavuni inasomeka 185/65R15 88, na himili 88 ni kilo 560. Mara nne ni 2,240: umepungukiwa kilo 210 kabla gari halijaanza mteremko. Tairi lililozidiwa hujikunja kupita kiasi, hupata joto ndani, na siku moja ubavu huachia. Neno "kuingia" limemuuzia mtu tairi lisilomfaa. Tairi huingia kwenye rimu, lakini hufaa gari.

Nimefika kwenye tarehe, na hapa ndipo ugomvi wangu na neno "eksipaya". Tafuta herufi DOT, fuata mlolongo wake hadi mwisho, utaona tarakimu nne, tuseme 3518. Hiyo ni wiki ya 35 ya mwaka 2018. Haikuambii tairi litakufa lini; inakuambia lilitoka lini kwenye kalibu, yaani umbo la chuma ambamo mpira huivishwa. Anayeuliza "linaeksipaya lini?" anauliza swali ambalo ubavu haujibu, na muuzaji mjanja atalijibia yeye. Naliita "juma la kalibu". Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi limezaliwa kabla ya mwaka 2000, liache.

Tarakimu hizo hutoka kwenye kibati kidogo kinachobadilishwa ndani ya kalibu, hivyo mara nyingi huzungukwa na alama hafifu ya ukingo wake. Tarakimu zilizochomwa kwa moto kwenye mpira mtupu, zenye kingo zilizoyeyuka, zina mkono wa mtu. Na mara nyingi juma la kalibu huwa kwenye ubavu mmoja tu. Usipoliona nje, tairi ligeuzwe kabla halijafungwa.

Kwa nini umri, kama kashata bado ndefu? Kwa sababu Kiswahili cha gereji kina "kuisha" peke yake, nacho kinabeba mambo mawili. Tairi lililolika ni kipara, neno ambalo hakuna wa kulishinda. Lakini spea iliyolala miaka kumi na miwili nayo imeisha, na kashata zake zote zipo. Hiyo si kipara, ni kongwe. Bonyeza ubavu wake kwa kidole gumba uone nyufa nyembamba kama nywele zikifunguka. Watengenezaji wengi husema tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka mitano na lisivuke kumi, hata kama halijatembea. "Tairi ni kongwe" ni hoja ambayo muuzaji hawezi kuizima kwa kukuonyesha kashata.

Limebaki moja linalonishinda: 8PR, ambayo mafundi huisoma "plai nane". Zamani ilihesabu matabaka halisi ya pamba. Siku hizi tairi la 8PR laweza kuwa na matabaka mawili tu, na namba imebaki kutaja nguvu. Kuiita "tabaka nane" ni uongo, na "nguvu nane" haina maana. Mwenye neno la Kiswahili kwa kitu ambacho zamani kilihesabiwa na sasa kinalinganishwa tu, alilete.